Bakteria wa chemchemi: jinsi ya kupima kama ni wa baridi, wa joto la wastani au wa joto kali

Ukichota maji kwenye chemchemi yenye nyuzi 4 na ukafanikiwa kuotesha bakteria, ni rahisi kuandika kwenye daftari kwamba umepata saikrofili, yaani kijidudu mpenda baridi. Mara nyingi utakuwa umekosea. Mahali kijidudu kilipookotwa panakueleza kinaweza kustahimili nini, lakini hapakuelezi kinapendelea nini. Mwongozo huu unafuata bakteria mmoja wa mfano, tumwite K4, tangu sampuli yake inapotoka kwenye maji baridi hadi tunapojua yuko kundi gani, vimeng'enya vyake vimejengwa vipi, na utando wa seli yake hufanya nini halijoto ikibadilika. Takwimu za K4 nimezitunga ili hesabu zionekane wazi, ila zinafanana na zile utakazozipata mwenyewe ukipima.

Tuanze na mipaka. Mwaka 1975 Richard Morita alipendekeza kipimo ambacho bado kinatumika: saikrofili hukua vizuri zaidi kwenye nyuzi 15 au chini yake, hawezi kukua juu ya nyuzi 20 au karibu na hapo, na anaweza kukua kwenye nyuzi 0 au chini zaidi. Anayekua kwenye nyuzi 0 lakini akaendelea kukua hata kwenye nyuzi 25 au 30 si saikrofili. Huyo ni mvumilia baridi tu. Mesofili ni wa kati, na kwa kawaida hustawi baina ya nyuzi 20 na 45. *Escherichia coli*, ambaye hustawi karibu na nyuzi 37, ndiye mfano unaojulikana zaidi. Themofili huanzia hapo kwenda juu. *Thermus aquaticus*, aliyeelezwa na Thomas Brock na Hudson Freeze mwaka 1969 kutoka chemchemi za Yellowstone, hustawi kwenye nyuzi 70 na hukua kuanzia nyuzi 40 hadi 79. Juu yao wako haipathemofili, wanaostawi kwenye nyuzi 80 na zaidi. Mwaka 2008 aina moja ya *Methanopyrus kandleri* ilioneshwa kukua kwenye nyuzi 122, chini ya mgandamizo mkubwa.

Hatua ya 1: Chukua sampuli bila kuiua wala kudanganywa nayo

Pima halijoto pale pale unapochota, si kwenye ukingo wala mita chache mbele. Maji ya chemchemi moto hupoa haraka yakishatoka ardhini, na umbali wa hatua chache unaweza kukupa jamii tofauti kabisa ya vijidudu. Pima na pH pia. Kwenye chemchemi za moto usikanyage ukoko mweupe unaozunguka maji, kwa sababu mara nyingi ni mwembamba na chini yake kuna maji yanayounguza. Funga chupa kwenye fimbo ndefu na usimame mbali.

Utunzaji wa sampuli za baridi na za moto haulingani, na hili wengi hawalitarajii. Themofili akipoa husimama kukua, lakini kwa kawaida hafi upesi. Sampuli ya maji moto huweza kusafiri siku kadhaa bila kupashwa na bado ikaotesha. Saikrofili halisi hana uvumilivu huo. Saa chache kwenye joto la chumba zinaweza kummaliza, na atakayebaki kwenye chupa ni mvumilia baridi aliyekuwa mchache tangu mwanzo. Kwa hiyo sampuli baridi ikae kwenye barafu iliyochanganywa na maji tangu sekunde ya kwanza, na kila chombo kitakachoigusa, kuanzia pipeti hadi sahani ya agari, kiwe kimepozwa kabla.

Kumbuka pia wageni. Mbegu za bakteria, zile chembe sugu zilizolala, husafiri mbali sana na makao yao. Kwenye matope ya sakafu ya bahari karibu na Svalbard, mahali penye baridi ya kudumu, zimepatikana mbegu za themofili zinazoamka pale tu matope yanapopashwa hadi karibu nyuzi 50. Wamo humo, lakini hawaishi humo kwa maana ya kukua na kuzaana. Ndiyo maana hatua inayofuata haiepukiki.

Hatua ya 2: Otesha kwa namna isiyoharibu jibu

Kwa bakteria wa baridi, usichanganye sampuli na agari iliyoyeyushwa. Agari hushika kwenye nyuzi kama 40, kwa hiyo utakuwa umemwogesha saikrofili maji yanayomuua. Mwaga agari mapema, acha sahani zipoe hadi nyuzi 4, kisha tandaza sampuli juu yake. Subira inahitajika hapa. Sahani ya nyuzi 4 inaweza kukaa wiki 3 au zaidi kabla koloni hazijaonekana, na anayeitupa baada ya siku 7 huwa ametupa wale hasa aliokuwa akiwatafuta.

Kwa bakteria wa moto tatizo linageuka. Kwenye nyuzi 70 agari hulainika na kukauka, kwa hiyo tumia gamu ya jelani pamoja na chumvi ya magnesiamu au kalisi inayoisaidia kushika, na weka sahani ndani ya mfuko au chombo kilichofungwa pamoja na maji kidogo. Usiwape chakula kingi. *Thermus* huzuiwa na lishe nzito iliyozoeleka maabara, na Brock alimpata kwa kutumia triptoni na dondoo ya hamira asilimia 0.1 tu ya kila kimoja.

Jambo dogo linaloharibu majaribio mengi ni bafa, yaani kimiminika kinachozuia pH isibadilike. Bafa ya Trisi hupoteza karibu uniti 0.03 za pH kwa kila nyuzi joto moja inayopanda. Ukiirekebisha iwe pH 8.0 kwenye nyuzi 25, kwenye nyuzi 70 itakuwa karibu 6.7, nawe utadhani bakteria ameshindwa na joto kumbe ameshindwa na asidi. Tumia fosfeti, ambayo hubadilika kidogo sana, au rekebisha pH kwenye halijoto ile ile utakayootesha.

Hatua ya 3: Chora mstari wa ukuaji, kisha uusikilize

Chagua halijoto 8 hivi. Kwa K4 tulichagua 0, 4, 10, 15, 20, 25, 28 na 30. Anzisha kila chupa kwa bakteria waliokwisha kuzoea halijoto hiyo kwa vizazi vichache, kwa sababu seli zilizohamishwa ghafla hukaa kimya kwanza zikijirekebisha, na ukimya huo ukiuhesabu kama ukuaji utapata kasi ndogo isiyo ya kweli. Soma `OD600`, yaani kiasi ambacho seli zinaufanya mchanganyiko uwe na ukungu, mara kwa mara na tumia tu kipande ambacho logi ya kipimo inapanda kwa mstari ulionyooka. Mteremko wa kipande hicho ndio kasi ya ukuaji, k.

K4 alitoa majibu haya: kwenye nyuzi 0 aliongezeka maradufu kila saa 48, kwenye 4, saa 21.4, kwenye 10, saa 9.5, kwenye 15, saa 5.8, kwenye 20, saa 3.9, kwenye 25, saa 5, kwenye 28, saa 14, na kwenye 30 hakukua kabisa. Kipeo chake kiko karibu na nyuzi 20 na ukomo wake wa juu ni baina ya 28 na 30. Kwa kipimo cha Morita, K4 ni mvumilia baridi, hata kama alitoka kwenye maji ya nyuzi 4 na anakua kwenye nyuzi 0.

Usiishie kwenye kipeo. Upande wa baridi wa mstari huu una umbo ambalo David Ratkowsky na wenzake walilionesha mwaka 1982: kipeuo cha pili cha kasi hupanda kwa mstari ulionyooka kadiri halijoto inavyopanda.

```
√k = b (T − T0)
```

Kasi hupatikana kwa kugawa 0.693 kwa muda wa kuongezeka maradufu. Kwenye nyuzi 0 ni 0.693 ÷ 48, yaani 0.0144 kwa saa, na kipeuo chake ni 0.12. Kwenye nyuzi 10 ni 0.073, kipeuo 0.27. Tofauti ya 0.15 kwa nyuzi 10 inatupa b, yaani mteremko wa mstari, ya 0.015, na mstari ukirefushwa unagusa sifuri kwenye nyuzi −8. Hiyo T0 si halijoto ambayo K4 anaweza kukua kweli, kwa kuwa maji yasiyo na chumvi yatakuwa yameganda kabla ya kufika hapo. Ni kipimo cha kulinganisha bakteria mmoja na mwingine. Faida yake kubwa ni kukagua kazi yako: nukta yoyote ya upande wa baridi ikianguka mbali chini ya mstari, shuku kwamba chupa ile haikuzoeshwa, au inkubeta haikushika halijoto uliyoiandika.

Kuna tahadhari moja ambayo binafsi naiona nzito kuliko nyingine zote. Kasi kubwa haimaanishi hali bora. Bakteria wengi wa baridi hukua haraka zaidi karibu na ukomo wao wa juu huku wakitoa seli chache na vimeng'enya vichache kuliko wakiwa kwenye nyuzi 4. Pima na wingi wa mwisho wa seli, maana unaweza kukuta kipeo cha kasi kiko sehemu moja na kipeo cha mavuno kiko sehemu nyingine.

Hatua ya 4: Pima kimeng'enya mara mbili, kwa majaribio mawili tofauti

Baridi hukiletea kimeng'enya shida ya nguvu, na joto hukiletea shida ya umbo. Ukilielewa hilo, mengine yote yanafuata. Kila mmenyuko una kizingiti cha nishati cha kuvuka, na halijoto ikishuka molekuli chache zaidi hukivuka:

```
k2/k1 = e^[(Ea/R)(1/T1 − 1/T2)]
```

Weka kizingiti cha kilojuli 70 kwa moli, R ya 8.314, na ushushe halijoto kutoka nyuzi 37 hadi 0, yaani kutoka kelvini 310.15 hadi 273.15. Kasi inashuka mara 40 hivi. Sasa punguza kizingiti hadi kilojuli 35: kasi inashuka mara 6 tu. Hapo ndipo vimeng'enya vya baridi vilipofanyia kazi. Vimelegea kwenye sehemu inayofanya mmenyuko, kwa hiyo bondi dhaifu zinazohitaji kuvunjwa ili kazi ifanyike ni chache. Kulegea huko hupatikana kwa kupunguza madaraja ya chumvi, kupunguza prolini zinazokaza mikunjo na ajinini zinazofunga sehemu mbalimbali za protini, na mara nyingi kwa kuongeza glisini mahali panapohitaji kujikunja. Gharama yake ni mbili: kimeng'enya hushika malighafi yake kwa nguvu ndogo zaidi, na joto hukiangusha mapema.

Ushahidi bora ninaoufahamu ni wa amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga. Georges Feller, Charles Gerday na wenzao wa Chuo Kikuu cha Liège walilinganisha amilesi ya *Pseudoalteromonas haloplanktis* kutoka Antaktika na ile ya kongosho la nguruwe, na ile ya *Bacillus amyloliquefaciens*. Zote zina umbo la jumla linalofanana, lakini ya Antaktika hukunjuka kwenye nyuzi 44, ya nguruwe kwenye karibu 66, na ya *Bacillus* kwenye 86. Kisha wakarudisha kwenye kimeng'enya cha Antaktika, kimoja kimoja, viungo dhaifu vilivyopo kwenye kile cha nguruwe. Uthabiti ulipanda na kasi ya kazi ikashuka. Hiyo inaonesha kwamba ulegevu na kasi vimefungamana kweli, wala havikukutana kwa bahati tu.

Upande wa moto kasi si tatizo, kwa sababu joto lenyewe linatoa nguvu. Kinachohitajika ni kubaki umekunjwa. Vimeng'enya vya themofili hukazwa kwa mitandao ya madaraja ya chumvi, viini vilivyoshindiliwa, mikunjo mifupi ya nje, na asparajini chache zaidi, kwa kuwa asidi amino hiyo huharibika yenyewe kwenye joto. Matokeo yake ni uzito wa mwendo kwenye joto la kawaida. Polimeresi ya *Thermus aquaticus*, kimeng'enya kinachonakili DNA kiitwacho Taq, hufanya kazi vizuri kwenye nyuzi 72 na zaidi, na kwenye nyuzi 95 inabakiza nusu ya nguvu yake baada ya dakika kama 40, lakini kwenye nyuzi 37 ni goigoi.

Sasa majaribio. La kwanza ni la utendaji: changanya kimeng'enya na wanga kwenye halijoto mbalimbali, pima sukari inayotoka baada ya dakika 10. La pili ni la uthabiti: kiache kimeng'enya peke yake kwenye kila halijoto kwa dakika 30, kipoze kwenye barafu, kisha pima kilichobaki kwenye halijoto moja tu ya chini, tuseme nyuzi 15. Wengi hufanya la kwanza na kuacha la pili, na hapo ndipo kosa linapoingia, kwa sababu kipeo cha utendaji hutegemea urefu wa jaribio. Amilesi ya K4 ilionesha kipeo cha nyuzi 35 tulipopima kwa dakika 10, na nyuzi 25 tulipopima kwa dakika 60. Kimeng'enya ni kile kile. Kwenye jaribio refu kilikuwa kinakufa huku kikifanya kazi.

Jaribio la pili linaeleza sababu. Baada ya dakika 30, amilesi ya K4 ilibakiza asilimia 96 kwenye nyuzi 30, asilimia 70 kwenye 35, asilimia 22 kwenye 40, na sifuri kwenye 45. Kwenye nyuzi 40 logi asilia ya 0.22 ni −1.51, ukiigawa kwa dakika 30 unapata kasi ya kufa ya 0.050 kwa dakika, na nusu ya nguvu inapotea kila dakika 14. Kwenye nyuzi 35 hesabu hiyo hiyo inatoa dakika 58. Basi jaribio la dakika 60 kwenye nyuzi 35 lilikuwa likipoteza nusu ya kimeng'enya njiani.

Angalia pia kwamba K4 mwenyewe hakui kwenye nyuzi 30, ilhali amilesi yake kwenye nyuzi hizo imesimama imara. Vimeng'enya vinavyotolewa nje ya seli mara nyingi humzidi mwenye navyo kwa uvumilivu. Ukomo wa ukuaji huwekwa na protini ya lazima iliyo dhaifu kuliko zote, au na utando. Usitabiri kundi la bakteria kwa kupima kimeng'enya kimoja.

Hatua ya 5: Soma utando wa seli

Utando umejengwa kwa lipidi zenye mikia ya asidi mafuta, na hutabia kama mafuta yoyote unayoyajua: mengine huganda kwenye ubaridi mdogo, mengine hubaki majimaji. Ukiganda, protini zinazopitisha chakula hukwama ndani yake. Ukiwa majimaji mno, huvuja. Mwaka 1974 Michael Sinensky alionesha kwamba *E. coli* hubadilisha asidi mafuta zake ili ulaini wa utando ubaki karibu ule ule kwenye halijoto tofauti.

Njia inayotumiwa zaidi kulainisha ni kuweka bondi maradufu kwenye mkia. Bondi hiyo huupinda, na mikia iliyopinda haipangiki kwa kubanana. Njia nyingine ni kufupisha mikia, au kuongeza tawi karibu na ncha. *Listeria monocytogenes*, anayekua hata kwenye jokofu, hutegemea sana mikia ya kaboni 15 yenye tawi la namna hiyo. *Bacillus subtilis* ana kipimajoto chake mwenyewe: protini iitwayo DesK imekaa kwenye utando, na utando ukikaza kwa baridi huamsha utengenezaji wa kimeng'enya kinachoingiza bondi maradufu kwenye mikia iliyopo tayari.

Ili kupima, otesha K4 kwenye nyuzi 4 na 20, na uvune chupa zote mbili zikiwa kwenye awamu ile ile ya ukuaji wa kasi. Hili si pambo. Seli zilizochakaa hubadilisha asidi mafuta zake bila kuhusiana na halijoto, na ukilinganisha changa na nzee utasoma umri ukidhani unasoma baridi. Vuna kwa sentrifuji iliyopozwa, geuza asidi mafuta kuwa esta za methili, kisha zipitishe kwenye kromatografia ya gesi. Kwenye nyuzi 20 K4 alikuwa na asilimia 38 ya asidi 16:0, yenye kaboni 16 na isiyo na bondi maradufu, na jumla ya asilimia 54 ya 16:1 na 18:1, zenye bondi hiyo. Uwiano ni 1.4. Kwenye nyuzi 4, 16:0 ilishuka hadi 22 na zenye bondi zikapanda hadi 71. Uwiano ni 3.2. K4 anaweza kuurekebisha utando wake kwa upana, na hicho ni kitu unachokitarajia kwa mvumilia baridi anayeishi kwenye misimu miwili. Saikrofili halisi mara nyingi hubaki na utando laini muda wote, ndiyo maana hata joto la wastani humvujisha.

Kwenye chemchemi moto utasoma mambo kinyume. *Thermus* hujaza utando wake mikia yenye matawi, ya kaboni 15 na 17, isiyo na bondi maradufu. Shida kubwa huko ni uvujaji wa protoni, ambazo seli huzihitaji upande wa nje ili kutengeneza nishati. Kadiri joto linavyopanda ndivyo zinavyopenya, na kuna bakteria wa moto, *Caloramator fervidus*, aliyeziacha na kutumia ayoni za sodiamu ambazo hazipenyi kirahisi.

Arkea wa joto kali, vijidudu vya kundi tofauti na bakteria, kama *Sulfolobus*, wamekwenda mbali zaidi. Mikia yao imeshikwa kwa bondi za etha badala ya esta, na lipidi moja huvuka utando kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa hiyo hakuna tabaka mbili zinazoweza kuachana. Joto likipanda huongeza pete za kaboni 5 kwenye mikia hiyo ili ishikane zaidi. Hapa ndipo kromatografia itakapokuhadaa: njia ya esta za methili haikati bondi za etha, kwa hiyo chati itatoka karibu tupu ingawa chupa imejaa seli. Ukiona seli nyingi kwenye hadubini na asidi mafuta karibu hakuna, usirudie uchimbuaji ule ule. Chimbua lipidi nzima na uzipime kwa kromatografia ya kimiminika iliyounganishwa na spektromita ya masi, kisha hesabu pete.